Tona mpya, maandishi ya kijivu: hii setingi ya kubana tona inazimwa wapi, na kweli inaokoa hela?

MamaPrinti
Wakuu habari za mchana. Nina steshenari ndogo karibu na chuo, printa ni HP LaserJet M402dn, imeunganishwa kwa waya wa mtandao na kompyuta mbili: moja ya kaunta, nyingine laptop yangu. Wiki ya tatu sasa maandishi yanatoka ya kijivu, yamefifia, kama mtu kaandika kwa penseli. Nilidhani tona imekwisha nikanunua nyingine ya 26A, ile isiyo orijino, 62,000 taslimu. Nimeweka, kijivu kilekile. Nimeitoa nikaitikisa, wapi.

Jana mwanafunzi kachapa fomu yake ya mkopo, kaenda kuiskani huko anakojua, karudi na sura imekunjamana: herufi zimekatika, "e" zote zimekuwa "c". Nikamchapia upya bure na bado ikatoka hafifu. Dada mwenzangu wa duka la jirani anasema kuna setingi ya kubana tona. Iko wapi? Na kama imewashwa siku zote hizo, nimeokoa kiasi gani au nimejiibia mwenyewe?

JogooLaShamba
Mama hiyo ni tona feki. Hizo za kichina ndivyo zilivyo, rangi yake ni kijivu tangu kiwandani. Nunua orijino utanishukuru.

MamaPrinti
@JogooLaShamba ile ya kwanza nayo ilikuwa aina hiyohiyo na ilichapa nyeusi tii kwa miezi. Orijino ukinichangia nitanunua kesho.

Kiduku_wa_Mtaa
Mimi pia nateseka na hili. Yangu ni Epson L3110, maandishi yanatoka na mistari myeupe na nyeusi imefifia. Nimejaza wino hadi juu lakini bado. Naomba nisaidiwe hapahapa.

FundiKaunta
@Kiduku_wa_Mtaa yako ni ya wino wa maji, haina tona kabisa. Chapa nozzle check, ukiona ngazi zimekatika fanya head cleaning mara moja au mbili, uiache ipumzike saa kadhaa ndipo ujaribu tena. Usiisafishe mara kumi mfululizo, utamaliza wino na sponji ya chini itajaa. Tufungulie uzi wako, hapa tumsikilize Mama.

Mama, kabla ya kugusa chochote nijibu matatu. Kwanza, huo ukijivu umeenea sawasawa ukurasa mzima, au kuna upande umefifia kuliko mwingine? Pili, laptop nayo inatoa kijivu, au ni kaunta peke yake? Tatu, nenda kwenye kioo kidogo cha printa, bonyeza OK, ingia Setup, kisha Reports, chapa Configuration Report. Hiyo karatasi printa inaitengeneza yenyewe bila kuomba ruhusa kwa kompyuta. Niambie nayo ni kijivu au nyeusi.

MamaPrinti
Dah. Configuration Report imetoka nyeusi kama masizi. Ukijivu wa kazi za wateja umeenea sawa, hakuna upande. Kuhusu laptop sijawahi kuangalia, kazi zote za wateja zinatoka kaunta. Ngoja.

MamaPrinti
Nimechapa kutoka laptop. Nyeusi. Nimekaa chini kwanza.

FundiKaunta
Pole, lakini habari ni njema: printa nzima, tona nzima, na ile uliyoitoa huenda bado ina kitu ndani, usiitupe. Tona ikikaribia kwisha kweli huwa haififii sawasawa. Unaona mkanda mweupe unaoshuka kutoka juu hadi chini, ukitikisa katriji mkanda unahama au unapotea kwa kurasa chache. Wako haukuhama kwa sababu haikuwa tona.

Sasa chukua simu, washa kamera, sogeza karibu kabisa na herufi moja kubwa, vuta picha. Kama ni kubana tona utaona herufi haijajaa, ina vitobo vidogo vilivyopangika kama chekecheke. Printa haichapi tona nyepesi, haina uwezo huo. Inachofanya ni kuruka baadhi ya nukta, jicho lako ndilo linalochanganya nyeusi na weupe wa karatasi likaona kijivu. Ndiyo maana skana iliyowekwa nyeusi na nyeupe tupu ikamla yule mwanafunzi "e" zake: pale ambapo jicho linaona kijivu, skana inaona nukta chache na nafasi, inaamua ni weupe.

Zuzu_la_Kisasa
Naongezea, chekecheke hiyo haithibitishi kila kitu. Mtu akiandika Word kwa rangi ya kijivu kilichokolea, au bluu, printa ya nyeusi tu itatoa chekecheke ileile. CV za kisasa zote ziko hivyo, templeti za mtandaoni zinapenda kijivu. Afungue Notepad, aandike mistari miwili, achape. Notepad haina rangi ya maandishi.

FundiKaunta
Sahihi kabisa, hilo nililisahau. Mama fanya hivyo kaunta.

MamaPrinti
Notepad: kijivu. Kamera: chekecheke. Nimejionea mwenyewe, herufi M ina vitobo kama kitambaa cha kuchujia tui.

JogooLaShamba
Basi panda kwenye Print Density, weka 5. Mimi ndivyo nilivyofanya ya kwangu ikakaa sawa.

FundiKaunta
Jogoo uko nusu njia. Density inaongeza unene wa tona kwenye zile nukta zinazochapwa, zilizorukwa haizirudishi. Kwa hiyo ukiacha EconoMode, ndiyo hiyo setingi ya kubana tona kwa jina la HP, imewashwa halafu ukapandisha density hadi 5, kwa mkono mmoja unabana, kwa mwingine unamwaga, na herufi bado ina vitobo. Tena density ikizidi, herufi ndogo zinavimba na karatasi zinapaka. Zima kwanza EconoMode, density iache 3 ya kiwandani.

Kuzima: kwenye kompyuta ya kaunta fungua Settings, Bluetooth & devices, Printers & scanners, chagua hiyo HP, bofya Printing preferences. Nenda tabo ya Paper/Quality, utaona kiboksi cha EconoMode. Ondoa tiki, Apply, OK. Kama menyu zinakuchanganya, bonyeza Windows na R, bandika hii (jina liwe vilevile linavyosomeka kwenye orodha yako):

```
rundll32 printui.dll,PrintUIEntry /e /n "HP LaserJet M402dn"
```

MamaPrinti
Tiki ilikuwepo! Nimeiondoa, nimechapa, nyeusi. Nilitaka kupiga vigelegele mteja akanishangaa.

Nimekumbuka pia: mwezi uliopita kuna fundi alikuja kuipangia upya Windows ya kaunta, wakati anaondoka akaniambia "nimekuwekea tona isiishe haraka." Mimi nikamshukuru na soda juu.

Saiba_Likoni
Salamu kutoka Mombasa. Sisi saiba yetu tunatumia Brother HL-L2340DW, kwetu hiyo kitu inaitwa Toner Save Mode, iko kwenye draiva tabo ya Advanced. Shida yetu ilikuwa kwamba tuliiacha imewashwa mwaka mzima tukidhani tunaokoa, kumbe kwenye Brother tona na dramu ni vitu viwili. Dramu inahesabiwa kurasa kama 12,000 na haijali umechapa nyeusi au kijivu, inazunguka tu. Kwa hiyo tulipunguza gharama ya tona, ya dramu ikabaki palepale. Sijui HP ikoje.

FundiKaunta
Kwenye hiyo HP dramu iko ndani ya katriji, ukibadilisha tona umebadilisha vyote. Hiyo ina ubaya wake pia. Vitabu vya HP vyenyewe vinasema hawapendekezi EconoMode iwashwe muda wote, kwa sababu unga unaweza kubaki mwingi huku vyuma na raba za ndani ya katriji zimeshachoka. Dramu iliyotengenezwa kuzunguka kwa kurasa 3,100 unaipeleka zaidi, inaanza kuacha alama zinazojirudia kila baada ya sentimita kadhaa. Kwa wanaojaza unga upya kwenye katriji ileile ni mbaya zaidi, ile dramu ilishamaliza zamu yake.

MamaPrinti
Jamani imerudi!! Asubuhi ya leo kijana wangu wa kaunta kafungua, kachapa, kijivu. Nimeingia mimi, nyeusi. Printa ina mapepo?

FundiKaunta
Kijana anaingia kwenye kompyuta kwa jina lake au lako?

MamaPrinti
Ana akaunti yake, nilimwekea nenosiri lake ili asiingie kwenye hesabu zangu.

FundiKaunta
Hapo ndipo. Printing preferences ni ya mtumiaji mmoja tu, wewe umeondoa yako. Ya wote iko kwingine: badala ya Printing preferences bofya Printer properties, tabo ya Advanced, chini kuna kitufe Printing Defaults. Kinafungua dirisha linalofanana kabisa na lile la kwanza, ndiyo maana watu wanadhani wameshapita hapo. Huyo fundi wako bila shaka aliweka tiki humo, kila akaunti iliyotengenezwa baadaye ikazaliwa nayo.

Ondoa tiki pale ukiwa umeingia kwa akaunti yako yenye mamlaka. Halafu usiishie hapo. Kama kijana alishawahi kufungua setingi zake akabofya OK hata mara moja, nakala yake imeshahifadhiwa na haitafuata hiyo mpya. Ingia kwa jina lake, fungua Printing preferences yake, hakikisha.

Zuzu_la_Kisasa
Na akishaondoa afunge Word kabisa na kuifungua tena. Word iliyokuwa wazi inang'ang'ania setingi ilizozikuta ilipofunguka. Nimewahi kupoteza nusu saa nikilaani draiva isiyo na kosa.

Mwl_Chaki
Nimeusoma uzi huu nikiwa nimeshika kichwa. Shuleni kwetu tuna Kyocera, yenyewe inaiita EcoPrint, na mtu aliiwasha kwenye menyu ya mashine yenyewe, si kwenye kompyuta. Tukachapa mtihani wa hisabati wa kidato cha pili, nakala mama moja, ikaenda kwenye riso kutoa nakala mia mbili na kitu. Nakala mama kwa macho ilisomeka vizuri tu. Riso ikala nukta za desimali. 3.5 ikawa 35, na alama za kutoa kwenye swali la 7 zikapotea kwa nusu ya darasa. Tuligundua mtihani ukiwa umeshaanza, nikapita dawati kwa dawati na kalamu nikiweka nukta.

Tulijua ni EcoPrint kwa sababu hata fotokopi ya kawaida kwenye mashine hiyo ilitoka hafifu, na fotokopi haipiti kwenye kompyuta yoyote.

FundiKaunta
Mwalimu umenipa mfano bora kuliko wangu. Kitu kitakachonakiliwa tena, kuskaniwa, au chenye msimbo wa QR na mistari ya bei, kisichapwe kwa kubana tona hata siku moja. Macho ya mtu yanasamehe, mashine hazisamehi.

MamaPrinti
Imekubali kwa akaunti zote mbili. Asante Fundi. Sasa niambieni hela. Naona wengine mnasema nusu ya tona inaokolewa, kweli?

FundiKaunta
HP kwenye miongozo yao ya zamani walisema hadi nusu. "Hadi" hiyo ina mambo yake. Lakini tuipe nusu nzima tuone. Katriji yako 62,000, inahesabiwa kurasa 3,100, na hizo ni kurasa zenye maandishi ya kawaida, kama asilimia 5 ya karatasi ndiyo imefunikwa na wino. Kila ukurasa unakula tona ya shilingi 20. Ukibana nusu, unabakiza shilingi 10.

Rimu unanunua bei gani?

MamaPrinti
12,500.

FundiKaunta
Karatasi moja shilingi 25. Sasa mteja akirudisha ukurasa kama yule mwanafunzi, unachapa upya kwa nyeusi: karatasi 25, tona 20, jumla 45. Kwenye kurasa tano ulizobana umebakiza 50. Moja tu kati ya hizo tano ikirudiwa, 45 zimeondoka, umebaki na shilingi tano na mteja aliyenuna. Ukurasa unauza shingapi?

MamaPrinti
200. Ya kazi nyingi 150.

FundiKaunta
Kwa hiyo ulikuwa unahatarisha 200 ili uokoe 10. Bila kutaja ile katriji ya 62,000 uliyonunua kabla ya wakati.

Saiba_Likoni
Hesabu ni nzuri lakini kwa mteja anayerudisha. Kwetu wengi hawarudishi. Wanachukua, wananyamaza, kesho wako saiba ya ng'ambo ya barabara. Hiyo haiingii kwenye hesabu yako.

Zuzu_la_Kisasa
Hiyo nusu mimi siiamini. Niliwahi kupima kwa mizani ya jikoni, ile ya mama ya keki. Nikapima katriji, nikachapa ukurasa uleule mara 200 kwa kawaida, nikapima tena: imepungua gramu 8. Nikarudia 200 kwa EconoMode: gramu 5. Mizani yangu inaruka gramu mojamoja kwa hiyo msininukuu popote, lakini nusu haikuwa.

FundiKaunta
Wazo zuri, ila kuna unga unaokwanguliwa kutoka kwenye dramu ukabaki kwenye kisanduku cha taka humohumo ndani ya katriji. Huo umeshatumika na mizani haiuoni. Kwa hiyo ulichopima ni kilichofika kwenye karatasi tu.

Zuzu_la_Kisasa
Basi hapo umeniharibia jioni. Nitapima tena kwa katriji nzima hadi iishe, nihesabu kurasa.

JogooLaShamba
Mimi bado nasema isizimwe kabisa. Kuna kazi za hovyo, mtu anachapa rasimu akaisahihishe kwa kalamu nyekundu, unampa nyeusi ya nini?

FundiKaunta
Na hapo Jogoo umesema kweli. Rasimu, noti za mtu kujisomea, karatasi ya kuangalia mpangilio kabla ya kuchapa kitabu kizima, bana tu. Tatizo ni kuwasha na kuzima kila mara, siku moja utasahau. Ninachowawekea wateja wangu ni printa mbili kwenye kompyuta kutoka printa moja. Unaongeza printa kwa mkono, unachagua tundu lilelile linalotumika sasa, inakuuliza kama utumie draiva iliyopo, unakubali. Unaipa jina RASIMU. Kwenye Printing Defaults za RASIMU unaweka tiki ya EconoMode, ile ya kwanza unaiacha safi na ndiyo unaifanya chaguo-msingi. Kijana akitaka kubana anachagua jina, hagusi setingi.

MamaPrinti
Hii nimeipenda. Nimeiweka, jina nimeandika RASIMU TU USIUZE ili asijisahau. Rasimu nitawauzia 100, waliokuwa wanalalamika bei watanyamaza.

Mwl_Chaki
Mimi nimejaribu kwenye kompyuta ya ofisi na hiyo tabo ya Paper/Quality sina. HP pia, lakini nikifungua preferences naona vitu vitatu tu, karatasi wima au mlalo basi.

FundiKaunta
Mwalimu hapo Windows ilijiwekea draiva yake ya jumla. Angalia jina kwenye Printer properties, tabo ya Advanced, palipoandikwa Driver. Ukikuta Microsoft IPP Class Driver ndiyo hiyo, haijui vitu vingi vya HP. Pakua draiva kamili ya modeli yako kutoka kwa HP, uisakinishe, tabo itatokea. Au andika anwani ya IP ya printa kwenye kivinjari, inafunguka kurasa yake yenyewe ya setingi, utafute humo.

Saiba_Likoni
Swali langu hilo hapo. Wateja wakichapa moja kwa moja kutoka kwa simu, bila kompyuta, bado kwetu inatoka hafifu. Tumeshazima kwenye draiva zote. Kwenye ukurasa wa IP pia tumeondoa. Simu inachukua wapi?

FundiKaunta
Simu haipiti kwenye draiva yenu kabisa, inaongea na printa yenyewe, kwa hiyo ulivyofuata ni sahihi. Kama mashine imezimwa na bado hafifu, angalia dirisha la kuchapa kwenye simu kama kuna chaguo la ubora limewekwa Draft. Nikumbushe, simu yenyewe ni ipi?

Saiba_Likoni
Za wateja, kila moja na lake. Nitaangalia Jumatatu tukifungua, nirudi hapa.

Kiduku_wa_Mtaa
Wakuu head cleaning mbili imekubali, nyeusi imerudi. Ila sasa njano haitoki.